Bei ya gari kuukuu si mapato ya mauzo

Mwandishi aliyeshauri kwamba fedha za kuuza gari la kampuni ziingizwe zote kwenye mapato amekosea. Chukua gari lililonunuliwa kwa shilingi milioni 40, lenye limbikizo la uchakavu la milioni 30 hadi siku ya kuuzwa, likauzwa kwa milioni 12 taslimu. Thamani yake vitabuni ni milioni 10, hivyo faida ni milioni 2 tu. Debiti fedha 12 na limbikizo la uchakavu 30. Krediti gari 40 na faida 2. Mhasibu akifuata ushauri ule, faida inavimba kwa milioni 10, na vitabu vinaendelea kuonyesha gari ambalo kampuni haina tena.

Mwandishi huyo atajibu kwamba fedha zimeingia kweli. Zimeingia, lakini mali ya milioni 10 imetoka. Ndiyo maana Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 kinakataza faida hiyo kuitwa mapato ya mauzo. Mhasibu, kokotoa kwanza uchakavu hadi siku ya kuuza, kisha ufute akaunti zote mbili za gari hilo.