Kunoa na kung'oa

Makala nyingi kuhusu lugha ya watoto wachanga huanza kwa dai lile lile: mtoto huzaliwa akiweza kubagua sauti za lugha zote duniani, na kabla hajatimiza mwaka huwa amekwishazipoteza zote isipokuwa za kwao. Dai hili limerudiwa mpaka limezoeleka kama methali. Katika toleo hili, linalohusu mwaka wa kwanza wa usemi, ningependa msomaji alipokee kwa tahadhari. Nusu yake ni kweli, nusu yake inapotosha, na msemaji wa Kiswahili ana ushahidi wa hilo kinywani mwake.

Nusu ya kweli inatoka Vancouver, Kanada, ambako Janet Werker na Richard Tees walichapisha utafiti wao mwaka 1984. Kihindi kina t mbili. Moja hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno, nyingine ulimi ukiwa umekunjwa nyuma kuelekea kaakaa. Mtu mzima aliyekulia Kiingereza huzisikia zote mbili kama t moja tu. Mtoto alipakatwa na mzazi wake huku msaidizi akimshughulisha kwa midoli, na spika ikirudia silabi ile ile, ta, ta, ta. Silabi ilipobadilika na kuwa ile ya pili, kisanduku cheusi kilichokuwa kando kiliwaka taa na mnyama wa bandia ndani yake akaanza kucheza. Mtoto akishauelewa mchezo, hugeuza shingo mara tu asikiapo badiliko, hata kabla taa haijawaka. Asiyesikia tofauti hana sababu ya kugeuka. Mzazi na msaidizi walivishwa vipokea sauti vyenye muziki masikioni, wasije wakampa mtoto ishara bila kujua.

Watoto wa nyumba za Kiingereza wenye miezi 6 hadi 8 waligeuka karibu wote. Waliofikia miezi 10 hadi 12 waligeuka wachache mno. Watoto waliolelewa kwa Kihindi waliendelea kuzitofautisha bila shida katika umri huo huo. Hapa ndipo ile methali ilipozaliwa.

Sasa tuchukue n na ng'. Kwetu, anayenoa kisu na anayeng'oa jino wanatenganishwa na sauti ya kwanza peke yake. Kifilipino nacho kinaruhusu ng' mwanzoni mwa neno, ilhali Kiingereza huiweka katikati au mwishoni tu. Chandan Narayan, akiwa na Werker na Patrice Beddor, aliwapima watoto kwa sauti hizi na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Kama dai la kuzaliwa na kila kitu lingekuwa sahihi, watoto wachanga wa Kiingereza wangezitofautisha na kisha kuzisahau. Hawakuzitofautisha. Ma na na walizibagua, lakini na na ng'a ziliwashinda, hata wale wa miezi 4 na 5. La ajabu zaidi, watoto wa Kifilipino wenyewe waliposhika miezi 6 hadi 8 hawakuonyesha kuzitenganisha. Walioweza ni wale waliofika miezi 10 hadi 12.

Sababu iko kwenye sauti zenyewe. Tofauti ya n na ng' mbele ya irabu a ni ndogo sana kwa sikio. Zote mbili zinapitia puani na mvumo wake unakaribiana. Masikio ya mtoto hayaipati bure. Inabidi aisikie mara nyingi ndani ya maneno ya watu wake mpaka ijitenge. Sina sababu ya kudhani kwamba mtoto wa Morogoro ana sikio la aina nyingine, kwa hiyo naamini kuwa ng' ya ng'ombe naye huichuma kwa miezi kadhaa, katika kipindi kile kile tunachoambiwa kwamba anapoteza.

Wala kinachopotea hakipotei kabisa. Mwaka 1988 Catherine Best na wenzake waliwasikilizisha watu wazima na watoto wa Kiingereza vidoko vya Kizulu, sauti za kudokoa ulimi kama zile zinazosikika pia katika Kisandawe na Kihadza nchini Tanzania. Walizitofautisha vizuri, wakubwa kwa wadogo, ingawa Kiingereza hakina kidoko hata kimoja. Vidoko havikufanana na konsonanti yoyote waliyoizoea, kwa hiyo havikumezwa na chochote. T mbili za Kihindi zilimezwa kwa sababu t ya Kiingereza ilikuwa imekaa jirani yake. Mtoto, basi, hazibi masikio. Anajifunza ni tofauti zipi zina kazi nyumbani kwao, na nyingine anaacha kuzijali.

Nimeeleza habari za sikio kwa kirefu kwa sababu kinywa hukua sambamba nalo, na makala mbili za toleo hili zinahusu kubwabwaja. Miezi miwili ya kwanza ni kilio na miguno. Kisha huja sauti laini za kooni wakati mtoto ametulia na anatazamwa usoni. Kuanzia mwezi wa nne hivi anavijaribu vyombo vyake vyote: anapiga kelele nyembamba, ananguruma, anatoa mapovu. Halafu, kati ya miezi 6 na 10, hutokea jambo ambalo wazazi hulitambua bila kufundishwa. Konsonanti na irabu zinaungana kwa kasi ya usemi wa kweli, ba-ba-ba, da-da-da, na akina baba wengi hujipongeza mapema kidogo kuliko wanavyostahili.

Kwamba kinywa na sikio vinasaidiana limeonyeshwa kwa kidude cha kung'ata cha watoto wanaoota meno. Alison Bruderer na wenzake, mwaka 2015, walitumia d mbili za Kihindi, zinazotofautiana kama zile t mbili, kwa watoto wa miezi 6 wa Kiingereza, umri ambao kwa kawaida huzitofautisha. Wengine waliwekewa kinywani kidude bapa kilichozuia ncha ya ulimi isitembee; hao hawakuonyesha kuzitofautisha. Wenye kidude kilichouacha ulimi huru walizitofautisha kama kawaida. Wote walikuwa bado hawajasema neno, na d hizo za Kihindi hawakuwahi kuzisikia nyumbani.

Upande wa pili unaonekana kwa watoto wasiosikia. Kimbrough Oller na Rebecca Eilers waliwafuatilia watoto 21 wanaosikia na 9 viziwi, wakachapisha mwaka 1988. Wanaosikia wote walianza ba-ba-ba kabla ya kumaliza miezi 10. Viziwi walianza kati ya miezi 11 na 25, na makundi hayo mawili hayakuingiliana hata kidogo. Kabla ya hapo, hata hivyo, watoto viziwi hulia, hucheka na kutoa sauti laini kama wengine, ndiyo maana familia nyingi hazishtuki.

Kwa hiyo mama akieleza kliniki kwamba mtoto wake wa miezi 10 ana kelele nyingi, jibu hilo halitoshi. Aulizwe ni kelele za namna gani. Irabu ndefu na mayowe, hata yakijaa nyumba nzima, si sawa na silabi zinazofuatana ba-ba, ma-ma, da-da. Zikikosekana katika umri huo, mtoto apelekwe kupimwa usikivu, hata kama hugeuka mlango unapobamizwa, kwa kuwa mlango huo unaweza kuwa ameuhisi kwa mtikisiko wake.