Daftari la michango: salio lihesabiwe, lisiandikwe

Wadau, madaftari mengi ya michango ya harusi na matanga yana safu ya salio ambayo mweka hazina huifuta na kuiandika upya kila pesa zinapoingia. Mimi naipinga.

Tuseme mjomba ameahidi shilingi 5,000. Anatuma 2,000 kwa M-Pesa, kisha analeta 1,500 taslimu. Katibu naye ananakili ujumbe uleule wa M-Pesa: salio linasoma -500, na hakuna anayeweza kuonyesha kosa liko wapi.

Kila malipo yawe na mstari wake, na nambari ya muamala ikatae kuingia mara mbili. Taslimu ipewe nambari ya risiti. Programu itoe malipo kwenye ahadi: bado 1,500. Mjomba akibisha, mwonyeshe mistari yake.