Nguzo ikifutwa, nyuma yake hakuna kitu
Watu wanalaumu programu za simu kwamba ukifuta nguzo ya umeme kwenye picha, pale ilipokuwa panabaki mwanya wenye vimraba vya kijivu na vyeupe, lakini kifutio cha programu hizo kimefanya kazi yake barabara. Kamera haikupiga mbingu iliyokuwa nyuma ya nguzo. Ilirekodi nguzo tu, na kifutio cha kawaida huondoa rangi ya pikseli na kuiacha wazi. Vimraba ni alama ya uwazi huo: ukihifadhi kwa PNG unabaki, ukihifadhi kwa JPEG, isiyojua uwazi, unageuka mstari mweupe au mweusi. Utasema mbona Magic Eraser ya Google, iliyokuja na Pixel 6 mwaka 2021, haiachi mwanya? Kwa sababu hiyo haiishii kufuta, inabuni: inatazama pikseli za jirani na kukisia kilichojificha. Mbingu huikisia vizuri. Nguzo ikipita mbele ya dirisha la nondo, nondo hupinda. Mwenye kifutio cha kawaida naye hajakwama, na wembamba wa nguzo ndio unaomwokoa. Nguzo ikiwa na upana wa pikseli 20, aweke nakala ya picha ambayo haijafutwa chini ya ile iliyofutwa, kisha aisogeze pembeni pikseli 30 hivi. Mbingu ya ubavuni itaziba mwanya, na nguzo ya nakala itafunikwa na picha ya juu. Kwa ukuta mpana, ujanja huu haufui dafu.