Kwa nini ombi lako huenda likangoja

Tukizindua huduma mpya, maoni humiminika wiki ya kwanza, na ombi linalorudiwa sana huonekana ndilo la haraka. Sisi tunaona hapo ndipo timu hukosea. Aliyekwama akaondoka huwa halalamiki, ananyamaza tu.

Chukua mfano wa kulipa bili ya maji kwa simu. Tuseme watu 900 wamefika pale pa kujaza nambari ya akaunti, lakini 400 tu ndio waliopita. Wakati huo huo, maoni mengi yanaomba rangi nyeusi ya usiku (hata sisi tunaitaka, kusema kweli).

Takwimu zinaonyesha watu 500 walipotelea wapi, ila hazisemi sababu. Kwa hivyo unapigia kumi hivi kati yao simu, bila kuuliza PIN ya mtu. Wengi wakisema, "Niliweka nambari ya mita, ikakataa," basi mpango unajipanga wenyewe. Wiki hii tunaandika pale pale kwa skrini: "Nambari ya akaunti, si ya mita." Kukubali nambari zote mbili kunafuata, maana lazima tukubaliane kwanza na kampuni ya maji. Rangi ya usiku inangoja.

Baada ya wiki mbili tunaangalia hatua ile ile. Ikiwa katika kila 900 bado wanapita 400 tu, tulikosea sababu, na tunarudi kupiga simu.