Kitanda Kabla ya Kidonge

Ami yangu, mvuna chumvi wa Marereni, huingia kitandani saa 3 usiku na kuondoka saa 11 alfajiri. Katika saa hizo 8, hulala 6 tu. Yeye ataka diazepamu. Kwa maoni yangu, apunguziwe kitanda kwanza. Tiba ya fikra na mwenendo, ambayo jumuiya ya matabibu wa magonjwa ya ndani nchini Marekani iliipa nafasi ya kwanza mwaka 2016, humtaka alale saa 5 na kuamka saa ile ile 11 kila siku. Wiki za mwanzo atasinzia mchana, na hapo ndipo wengi huiacha. Usingizi ukijaza asilimia 85 ya muda wa kitandani, huongezewa dakika 15 kila wiki. Kidonge hulaza usiku ule ule, ila mwili hukizoea, na mzee akiamka kwenda msalani huyumba akaanguka.

Hata hivyo, siungi mkono wanaoibeza dawa. Aliyefiwa juzi, asiyefumba jicho, hawezi kungojea majuma sita. Daktari aweza kumpa vidonge vya siku chache. Mwenye kifafa naye asipunguziwe usingizi, maana uchovu huo waweza kumwamshia kifafa chenyewe.