W-2 ya Kazi Uliyokwisha Kuiacha

Kila Februari swali linalorudi katika jumuiya yetu hapa Columbus ni hili: kazi ya bohari niliiacha mwezi wa nane, nikahama nyumba, W-2 haijafika, nifanye nini? Wengi huenda kumuuliza msimamizi wao wa zamani pale bohari, naye hujibu kwamba hana habari. Mara nyingi anasema kweli. Kama uliajiriwa kupitia wakala wa vibarua, mwajiri wako kisheria ni wakala, wala si mwenye bohari. Tazama stakabadhi yako ya mshahara: jina lililoandikwa juu ndilo la mtu wa kudaiwa karatasi.

Mwajiri anatakiwa aitoe W-2 ifikapo Januari 31, na siku hiyo ikiangukia wikendi tarehe husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Akiitia posta siku ya mwisho, atakuwa ametimiza wajibu wake, kwa hiyo usigombane na mtu wiki ya kwanza ya Februari. Ukiona kimya, andika baruapepe kwa idara ya mishahara. Simu ni nyepesi lakini haiachi ushahidi. Taja jina lako kama lilivyo kwenye stakabadhi, tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii (namba nzima usiitume kwa baruapepe), miezi uliyofanya kazi, mwaka unaoutaka na anwani yako mpya. Kisha uliza kama bahasha ya kwanza ilirudishwa na posta. Bahasha iliyorudi mwajiri hutakiwa kuitunza miaka minne, na kwa waliohama nyumba jibu mara nyingi limo humo. Ukitaka nakala kwa sababu ya kwanza imekupotea, anaweza kukutoza ada ndogo, wala hajavunja sheria.

Ikifika, usiikimbize kwa mtayarisha kodi kabla ya kuisoma. Tuseme dada mmoja alilipwa jumla ya dola 24,000 kabla ya makato. Katika hizo, 1,200 zilikwenda kwenye akiba ya uzeeni ya 401(k) ya kawaida, na 800 zikalipia bima ya afya iliyokatwa kabla ya kodi. Kisanduku cha 1 kitaonyesha 22,000, naye atadhani ameibiwa 2,000. Hajaibiwa, fedha hizo mbili hazihesabiwi kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu. Visanduku vya 3 na 5 vitaonyesha 23,200, kwa kuwa akiba ya uzeeni haiepuki makato ya hifadhi ya jamii na Medicare. Hapo ndipo pa kuikagua karatasi: kisanduku cha 4 kiwe asilimia 6.2 ya hizo, yaani dola 1,438.40, na cha 6 asilimia 1.45, yaani 336.40. Kodi ya mapato iliyokatwa, ile ya kisanduku cha 2, ilingane na jumla ya mwaka kwenye stakabadhi ya mwisho. Kumbuka pia kwamba mshahara huhesabiwa kwa tarehe ya kulipwa: kazi ya mwisho wa Desemba iliyolipwa Januari ni ya mwaka mpya. Ukikuta kosa la kweli, omba ya marekebisho, iitwayo W-2c.

Februari ikiisha bila kitu, piga simu IRS, 800-829-1040, ukiwa na jina, anwani na simu ya mwajiri, tarehe ulizofanya kazi, na makadirio ya mshahara na kodi iliyokatwa. IRS itamwandikia mwajiri, na wewe utapelekewa Fomu 4852, ambayo hushika nafasi ya W-2. Haijazwi kwa kubahatisha. Hesabu zake hutoka kwenye stakabadhi ya mwisho ya mshahara, na humo unaeleza ulivyozipata na juhudi ulizofanya kuipata W-2. Wapo watayarisha kodi wanaokubali kutuma ritani kwa njia ya mtandao mwezi wa kwanza kwa stakabadhi tupu, kabla W-2 haijatoka. Hilo IRS imelikataza, na anayelifanya tungemkwepa hata kwa mambo mengine.

Baadhi yetu hutegemea kumbukumbu za mishahara zilizomo kwenye akaunti ya IRS mtandaoni. Zinasaidia kwa miaka iliyopita, lakini za mwaka uliomalizika juzi huwa hazijakamilika mapema, na makato ya jimbo na ya jiji hayamo kabisa. Kwetu Columbus, ambako jiji lina kodi yake ya asilimia 2.5, pengo hilo si dogo.

Aprili 15 ikikukuta bado unangoja, Fomu 4868 itakupa hadi Oktoba 15 kuwasilisha ritani. Muda wa kulipa hauongezeki, hivyo kama unadaiwa, kadiria na ulipe Aprili. Na ukishatuma kwa 4852, kisha W-2 ikaja na hesabu tofauti, rekebisha kwa Fomu 1040-X.