Majina ya Masomo Yauzwayo Mtandaoni

Siku hizi si ajabu kumwona kijana aliyemaliza kidato cha sita hapa kwetu, naye bado anangoja nafasi ya chuo, akifundisha watoto asiopata kuwaona kwa macho. Hurekodi masomo yake, akayaweka katika soko la masomo mtandaoni, na mzazi aliye Mbeya au Mtwara hulipa kwa simu. Walimu nao hufanya vivyo hivyo baada ya saa za kazi. Sina ugomvi na biashara hiyo. Ugomvi wangu ni juu ya majina wanayoyapa masomo hayo, kwa maana nimekwisha kuona wazazi wakinunua kisichowafaa, na walimu hodari wakikaa bila mwanafunzi hata mmoja, kwa sababu ya maneno matano au sita tu yaliyoandikwa juu ya tangazo.

Nichukue mfano wa kijana mmoja niliyepata kumfundisha. Alitengeneza masomo mazuri ya hisabati ya kidato cha nne, akayapa jina hili: "Hisabati Tamu: Fahamu Namba kwa Raha". Nilipoliona nilicheka, lakini yeye hakuona la kucheka, maana wiki tatu zilikuwa zimepita bila mteja. Basi tukae badala ya mwanafunzi anayetafuta. Ni mwezi wa tisa, mtihani wa taifa ni mwezi wa kumi na moja, na hesabu zinamsumbua. Ashika simu, aandika "form four basic mathematics necta", au "hesabu form 4". Hatafuti utamu wala raha. Katika maneno yote aliyoyaandika, hakuna hata moja lililomo katika jina la kijana wetu. Mashine ya kutafutia haina huruma; aghalabu huyalinganisha maneno na maneno, na pasipo kulingana hupita. Na hata kama mtoto angelikuta tangazo lile kwa bahati, angejuaje kama ni la darasa la tano, la kidato cha nne au la chuo?

Jina la somo lililo sokoni lina kazi ya kujibu maswali matatu ya mnunuzi kabla hajafungua tangazo: ni la ngazi gani, ni somo gani, na ni kwa mtihani gani. Hayo yakijibiwa, ndipo sifa nyingine zifuate kama nafasi ipo. Tena yajibiwe kwa maneno ya mtafutaji mwenyewe, si kwa maneno ya mwalimu.

Hapa najua baadhi ya wenzangu watanipinga. Watasema, mbona wewe mpenzi wa Kiswahili unatutaka tuandike "Form Four" na "Basic Mathematics"? Najibu kwamba jina la somo ni lile lililochapwa juu ya karatasi ya mtihani, na juu ya karatasi namba 041 ya Baraza la Mitihani la Tanzania limechapwa BASIC MATHEMATICS. Mtoto huliona katika kila karatasi ya zamani anayoifanyia mazoezi, ndiyo maana huliandika hivyo anapotafuta. Ukiandika "Hisabati za Msingi" umefasiri vizuri, lakini umejificha. Kiswahili kina mahali pake katika tangazo, nami nitapaonyesha.

Neno "Basic" nalo si la kuachwa wala la kuchezewa. Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anayesoma PCB hujifunza Basic Applied Mathematics, ambayo wote huiita BAM, na karatasi yake ni namba 141. Yule wa PCM husoma Advanced Mathematics, namba 142. Mtu akiandika "Basic Maths" peke yake bila ngazi, huwaita watoto wa namna mbili kwa jina moja, na wa namna moja sharti arudi mikono mitupu.

Jambo kubwa zaidi, ambalo wengi hawalifikiri, ni kwamba soko la mtandaoni halina mpaka wa nchi. Kidato cha nne kiko Tanzania, na kiko Kenya pia, ambako watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa zamani wamepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Tangazo lenye jina la "Form Four Mathematics", bila neno la mtihani, litafunguliwa na watoto wa nchi zote mbili. Lakini hesabu zao si zile zile. Mkenya wa kidato cha nne anafundishwa mwanzo wa kalkulasi, na mtihani wake una karatasi mbili. Mtanzania katika Basic Mathematics hana kalkulasi kabisa. Ana karatasi moja, na katika kidato cha tatu amefundishwa hesabu za biashara, mizania na mengineyo. Mkenya akinunua masomo ya kijana wetu atakuta yasiyomhusu, na yale anayoyahitaji hayamo. Atadai fedha zake, na ana haki. Neno moja tu, KCSE au NECTA, lingemwokoa yeye na mwalimu.

Hali ni mbaya zaidi kwa neno "A-Level". Sisi twalitumia kwa kidato cha tano na cha sita, na mtihani ni ACSEE. Waganda wana A-Level yao, na mtihani ni UACE. Tena zipo shule za kulipia, hapa na ng'ambo, zifuatazo mitihani ya Cambridge, nazo husema A Level vile vile. Kemia ya Cambridge ina namba 9701. Kemia yetu ya kidato cha sita ni namba 132. Mzazi mmoja wa hapa mjini alilipia masomo yaitwayo "Complete A-Level Chemistry", akidhani amemnunulia binti yake wa kidato cha sita. Binti alihangaika nayo mwezi mzima. Mada nyingi zilifanana, kwa maana kemia ni kemia, lakini mazoezi yote yalikuwa ya mtindo wa mtihani mwingine, na mwezi wa tano haukumngoja. Mwalimu yule hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu pale alipopaswa kusema.

Sasa mwingine atasema: kumbe dawa ni kuandika yote! Aweke Form Four, Form 4, Kidato cha Nne, O-Level, CSEE, NECTA, KCSE, hesabu, hisabati na maths, yote katika mstari mmoja. Hapana. Kwanza, nafasi ni ndogo. Katika soko la Udemy, kwa mfano, jina la somo haliruhusiwi kuzidi herufi 60, nafasi za katikati zikihesabiwa, na kichwa kidogo kinachofuata hakizidi 120. Pili, simu hukata jina refu, na kinachoonekana ni mwanzo wake. Tatu, jina lililoshindiliwa maneno lafanana na gunia. Msomaji huona kwamba limeandikwa kwa ajili ya mashine, naye hupita.

Mimi na kijana wetu tulikaa na kuhesabu. "Form Four Basic Mathematics" ni herufi 27, nayo sharti iwe mwanzo, ili hata simu ikikata, ngazi na somo vibaki. Kisha mtihani. Jina halisi la mtihani ni CSEE, na NECTA ni jina la Baraza, ambalo lina mitihani mingi. Hata hivyo watoto husema "necta" wakiwa na maana ya mtihani wenyewe, na pamoja na "Form Four" hakuna wa kukosea. Tukachagua NECTA. Zilizobaki tukazipa jambo lililomtofautisha na wengine: masomo shuleni ni kwa Kiingereza, naye aeleza kila hatua kwa Kiswahili. Likawa hivi:

```
Form Four Basic Mathematics NECTA: maelezo kwa Kiswahili
```

Ni herufi 56. Maneno yaliyokosa nafasi hayakutupwa. Yaliwekwa katika kichwa kidogo, ambako mashine huyasoma na mtu huyaona akiisha vutwa:

```
Kidato cha nne, CSEE 041: hesabu za form 4 zikielezwa hatua kwa hatua kutoka mitihani iliyopita
```

Angalia kwamba "hesabu" na "form 4" zimo, kwa kuwa mzazi husema hesabu, si hisabati, na kwa kuwa baadhi ya masoko hayajui kwamba 4 na Four ni kitu kimoja. Kujua hilo ni kazi ya dakika mbili. Andika neno la kwanza katika kisanduku cha soko lenyewe, uhesabu matangazo yanayotokea. Andika la pili, uhesabu tena. Yakitofautiana, maneno yote mawili yapewe mahali. Na kabla ya kuandika jina lolote, anza kuandika "form four" katika Google bila kumaliza, uone maneno inayokuletea. Hayo hutokana na yale yaliyotafutwa na watu. Fanya hivyo katika dirisha la siri, ama sivyo utaonyeshwa mambo yaliyochanganyika na yako uliyoyatafuta jana.

Jina likiisha wekwa, soko humwonyesha mwalimu ni wangapi walioliona tangazo, wangapi waliofungua, na wangapi waliolipa. Wakiwa wachache walioliona, maneno si yale yatafutwayo. Wakiliona wengi wasifungue, maneno yapo lakini hayaeleweki, au jirani yake amesema wazi zaidi. Wakifungua na kulipa, kisha wakadai fedha, jina linaita wasiohusika, na hapo ndipo pa kutazama neno la mtihani. Lakini asilinganishe mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na mbili, maana mtihani ukiisha watafutaji hutoweka wote, jina liwe zuri au baya.

Yako majina nisiyoyavumilia hata kidogo, nayo ni yale ya "Pata A kwa Wiki Mbili" na "Uhakika wa Division One". Yanafunguliwa sana, nakubali. Mzazi aliyekata tamaa hufungua cho chote. Ila karatasi ya 041 ina maswali 14 ya mada za miaka minne, na mwenye kuuza alama asizozitoa yeye anauza mali ya watu. Kadhalika neno "Official" karibu na NECTA: Baraza halijamtuma, basi asijivike kanzu yake.

Na walio na matangazo ya zamani wayapitie. KCPE ya Kenya ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtihani wa darasa la nane uliokuwa ukitafutwa na maelfu kwa jina hilo haupo tena. Watoto wa huko sasa hutafuta KPSEA na KJSEA. Juzi nimeliona tangazo la "KCPE Maths", limepambwa kwa picha nzuri, na bei imepunguzwa mara mbili.